Kanzu Iliyogeuka Kijivu: Kupunguza Nguvu ya Jedwali la Rangi Kwenye Video

Video ya harusi ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimeridhika nayo. Nilikuwa nimeweka jedwali la rangi lenye mwonekano wa sinema, nikaona limezidi, nikashusha nguvu yake hadi 60. Kwenye kioo cha kompyuta yangu ilionekana tulivu na ya kupendeza. Kisha mama wa bwana harusi akanipigia simu: "Mwanangu, kanzu ile niliinunua nyeupe, nikaipiga pasi kwa mkono wangu. Mbona kwenye video imekuwa ya kijivu?"

Nilirudi kutazama. Alikuwa amesema kweli. Kosa lenyewe halikuwa namba 60, na ningeweka 70 au 80 kanzu ingebaki kijivu, ila kidogo kidogo tu. Kosa lilikuwa kwamba sikujua nilikuwa nachanganya picha na nini.

Tuanze na faili lenyewe. Jedwali la rangi, ambalo kwenye menyu za programu limeandikwa LUT, si filta yenye akili. Ni orodha ya namba. Ukifungua faili la .cube kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi utaona kitu kama hiki:

```
LUT_3D_SIZE 33
0.000000 0.000000 0.000000
0.031250 0.000000 0.000000
0.062500 0.000000 0.000000
```

Kila mstari una namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 1. Namba 33 inasema kwamba kila rangi imegawanywa katika vituo 33, kwa hiyo faili lina mistari 33 × 33 × 33, yaani 35,937. Nafasi ya mstari ndiyo rangi inayoingia, na namba zilizoandikwa ndiyo rangi inayotoka. Mstari wa pili hapo juu ni zamu ya rangi yenye nyekundu ya kituo cha pili bila kijani wala buluu. Pikseli ikiangukia katikati ya vituo, programu inakadiria jibu kutoka kwa vituo vya jirani.

Faili nililoonyesha hapo juu lina sifa moja: linachoingiza ndicho linachotoa. Ni jedwali lisilobadilisha chochote. Likumbuke, kwa sababu kupunguza nguvu ya jedwali lolote ni kulivuta kuelekea kwa hili.

Hesabu yenyewe ni fupi mno. Tuseme n ni nguvu, ambapo 1 ni nguvu kamili na 0 ni kuzima:

```
matokeo = asili + n × (jedwali − asili)
```

Programu inachukua pikseli kabla ya jedwali, inachukua pikseli ileile baada ya jedwali, inapima tofauti, kisha inakupa sehemu ya tofauti hiyo. Hakuna ujanja mwingine. Kitelezi kiitwacho Intensity kwenye Premiere Pro, kile cha Mix kwenye Final Cut Pro na namba ya Gain chini ya Key Output kwenye DaVinci Resolve vyote vinafanya kazi hiyohiyo. Hata kupunguza Opacity ya tabaka la juu wakati tabaka la chini ni video ileile bila jedwali ni hesabu hiyo kwa njia ndefu.

Neno la kulikazia macho ni "asili". Unapopunguza nguvu, picha haiwi "ya kawaida zaidi". Inarudi kwenye kile kilichoingia kwenye jedwali, kiwe kizuri au kibaya.

Kamera yangu siku ile ilikuwa imerekodi kwa S-Log3. Huu ni mkondo wa Sony unaobana mwanga mwingi na giza jingi ndani ya faili moja ili mhariri apate nafasi ya kuchagua baadaye. Picha yake ghafi imepauka kabisa, kama kitambaa kilichoachwa juani mwezi mzima. Kwa vipimo vya Sony, karatasi nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mwanga hukaa kwenye 61 tu katika kipimo cha 0 hadi 100, wakati kwenye picha ya kawaida ya runinga, ile ya Rec.709, jicho linatarajia nyeupe kama hiyo ikaribie kilele. Rangi nazo zimehifadhiwa kwa namna pana kuliko ile ya skrini, kwa hiyo zikionyeshwa bila kugeuzwa zinaonekana hazijakolea.

Jedwali nililotumia lilikuwa la aina inayofanya kazi mbili kwa mkupuo. Linageuza S-Log3 kuwa picha ya kawaida, na papo hapo linamwaga mwonekano wake: vivuli vya kijani-buluu, sehemu za mwanga zenye joto la chungwa. Tuseme kanzu iliingia ikiwa 61 na jedwali likaipandisha hadi 90. Nikashusha nguvu hadi 0.6. Hesabu: 61 + 0.6 × 29, jibu ni 78 na ushei. Hapo ndipo nyeupe ilipokuwa kijivu. Kwa kila hatua niliyopunguza "mwonekano", nilikuwa ninarudisha pia ukungu wa S-Log3. Nilidhani ninapoza chungwa, kumbe ninafifisha harusi nzima.

Kwa hiyo majedwali ni ya aina mbili, ingawa yote yanaishia na .cube na hukaa kwenye folda moja. Kuna jedwali la kugeuza, ambalo linatafsiri lugha ya kamera kuwa lugha ya skrini. Hili halipunguzwi. Tafsiri ya nusu si tafsiri tulivu, ni maneno ya lugha mbili yaliyochanganyika, na katikati ya S-Log3 na Rec.709 hakuna kiwango ambacho skrini yoyote inakisoma sawasawa. Na kuna jedwali la mwonekano, linalopokea picha iliyokwisha kuwa ya kawaida na kuipa ladha. Hili ndilo lenye kitelezi. Waliotengeneza Premiere Pro waliliona hilo: kwenye paneli ya Lumetri Color, jedwali linaloingia kupitia Input LUT ndani ya Basic Correction halina kitelezi cha nguvu, ila lile la Look ndani ya Creative lina Intensity yake.

Utajuaje faili ulilopewa ni la aina gani, maana majina ya mafaili hayo aghalabu ni ya mbwembwe tu? Liweke kwa nguvu kamili juu ya video ya kawaida ya simu. Ikiwa picha imekuwa na giza nzito, weupe umeungua na nyuso zimewaka kama taa, jedwali lilikuwa linatarajia picha iliyopauka ya logi, yaani ya mikondo kama S-Log3, na ndani yake mna ugeuzaji. Ikiwa picha imebadilika rangi lakini bado ni picha ya kawaida ya kutazamika, hilo ni la mwonekano.

Dawa, basi, ni kutenganisha. Kwenye DaVinci Resolve, ukurasa wa Color, ninaweka nodi tatu, yaani visanduku vitatu vya marekebisho ambavyo picha inavipitia kimoja baada ya kingine. Ya kwanza ni ya kusahihisha mwanga na weupe wakati picha bado ni ya logi. Ya pili ina jedwali la kugeuza peke yake, na Gain ya Key Output yake inabaki 1.000. Ya tatu ina jedwali la mwonekano, nalo peke yake: ninabofya kulia juu ya nodi, ninachagua LUT, kisha ninafungua paneli ya Key na kushusha Gain iliyo chini ya Key Output. Nasisitiza "peke yake" kwa sababu Gain hiyo inapunguza kila kitu kilichomo ndani ya nodi. Ukiwa umesahihisha mwanga ndani ya nodi hiyohiyo, usahihishaji wako nao utashuka, na utabaki unashangaa kwa nini picha inaingia giza kila unapogusa kitelezi cha rangi.

Na kama faili unalolipenda ni la kazi mbili kwa mkupuo, kama lile langu? Halijapotea. Weka video ileile mara mbili kwenye mstari wa muda, moja juu ya nyingine. Ya chini iwe na jedwali safi la kugeuza, lile lisilo na mbwembwe ambalo watengenezaji wa kamera hulitoa bure. Ya juu iwe na jedwali lako. Sasa punguza Opacity ya tabaka la juu. Hesabu ni ileile, ila "asili" si logi iliyopauka tena, ni picha safi. Kanzu ikiwa 90 chini na 90 juu, itabaki 90 hata uchanganye vipi.

Wanaofanya kazi kwa amri badala ya vitelezi wanaweza kufanya yote kwa ffmpeg. Hapa ugeuzaji ni kamili na mwonekano ni 0.4:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "format=gbrp10le,lut3d=file=geuzo.cube,split[a][b];[b]lut3d=file=mwonekano.cube[c];[c][a]blend=all_mode=normal:all_opacity=0.4,format=yuv420p" matokeo.mp4
```

Angalia mpangilio wa `[c][a]`. Kinachotangulia ndicho cha juu, na opacity inamhusu yeye. Ukivigeuza, utapata 0.6 ya mwonekano ukidhani ni 0.4.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu hudhani ndilo la kwanza: namba gani?

Mimi ninaamua kwa nyuso. Majedwali mengi ya vivuli vya kijani-buluu na mwanga wa chungwa yamepangwa kana kwamba ngozi yote inakaa juu ya katikati ya kipimo, upande unaopewa chungwa. Uso wa bibi harusi wetu haukukaa huko. Upande wake ulio mbali na dirisha ulisomeka hivi baada ya ugeuzaji: nyekundu 0.40, kijani 0.27, buluu 0.20. Ngozi nzuri ya kahawia, yenye joto. Lakini kwa jedwali, namba hizo ni kivuli, na kivuli dawa yake ni kijani-buluu. Likampa nyekundu 0.31, kijani 0.24, buluu 0.23. Tazama pengo kati ya nyekundu na buluu: lilikuwa 0.20, limebaki 0.08. Hilo pengo ndilo joto la ngozi. Likibanwa hivyo uso unapauka, kama wa mtu aliyeoga asipake mafuta. Bibi harusi aliyekaa saloni tangu alfajiri hawezi kukushukuru kwa hilo.

Kwa nguvu ya 0.4, namba zinakuwa 0.364, 0.258 na 0.212. Pengo limerudi hadi 0.152. Uso una uhai tena, na ukuta ulio nyuma yake bado una ile rangi ya baridi niliyoitaka. Kwa 0.6 pengo lingekuwa 0.128, na kwa macho yangu hapo uso ulianza kuchoka. Hizo tarakimu sizipigii hesabu kila mara, kwa kweli, ninatazama tu. Ila zinasaidia kujua unatazama nini. Huamui kwa "hisia ya sinema" inayoelea hewani, unaamua kwa pengo kwenye shavu la mtu.

Harusi za kwetu zina bahati ya kuja na vipimo vyake vya rangi. Kanzu ni nyeupe, buibui ni jeusi, na katikati yake pana ngozi za kila kiasi. Kanzu inakuambia kama weupe umetiwa rangi kupita kiasi. Buibui linakuambia kama weusi umefumbwa hadi mikunjo ikapotea, au umeinuliwa hadi ukawa wa moshi. Ukisimamisha video kwenye fremu yenye vyote vitatu, una kila unachohitaji kuamua.

Mikunjo hiyo inastahili neno zaidi. Majedwali mengine yanalainisha sehemu za mwanga kwa kuzibana: kila kilichoingia kati ya 0.92 na 1 kinatoka 0.95. Mikunjo ya kanzu juani inapotea, nguo inakuwa kipande cha karatasi. Ukishusha nguvu hadi 0.6, asilimia 40 ya tofauti za mikunjo ile inarudi, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya asili iliyomo kwenye mchanganyiko. Hapa kitelezi kinafanya kazi ya maana kuliko rangi. Vivyo hivyo kwa ngazi zinazotokea angani. Video ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi, na jedwali likinyoosha sehemu ya anga mara tatu, mbingu laini inageuka mistari mipana kama matuta. Kwa nguvu ya nusu mnyoosho huo unakuwa mara mbili. Ukiona matuta angani, punguza nguvu kwanza kabla ya kulaumu kamera.

Lakini kitelezi kina mpaka wake. Kinachanganya kwa mstari ulionyooka, na si kila mwonekano una nusu yenye maana. Jedwali linalofanya picha kuwa nyeusi na nyeupe, likiwekwa nusu, halikupi "nusu ya zamani", linakupa video ya rangi iliyofifia kama yenye hitilafu. Jedwali linalogeuza rangi kuwa kinyume chake ni baya zaidi: kati ya buluu na chungwa njia iliyonyooka inapita kwenye kijivu, kwa hiyo kitenge cha buluu kilichotakiwa kuwa cha chungwa kinakuwa cha vumbi. Ukishusha na kushusha na bado kitu kimoja kinakera, kwa mfano majani ya migomba tu, basi tatizo si nguvu. Ni rangi moja, na inasahihishwa peke yake.

Jicho nalo halitegemewi. Ukikaa dakika kumi mbele ya picha yenye joto, ubongo unaizoea, kama unavyosahau umevaa miwani ya jua. Ndiyo maana mtu anapandisha nguvu kidogo, anazoea, anapandisha tena, na asubuhi anakuta nyuso za machungwa. Mimi ninafanya kinyume. Ninaanza 0, ninapandisha haraka hadi nione wazi kwamba imezidi, kisha ninashuka. Nikidhani nimefika, ninatazama dirishani au ukuta mweupe kwa muda, ninarudi na kuzima na kuwasha nodi mara mbili. Nikiwasha na jambo la kwanza ninaloliona ni rangi badala ya mtu, bado iko juu. Kisha ninatuma kipande kifupi kwenye simu ya kawaida, kwa kuwa huko ndiko ndugu wengi watakapoitazama, wakiwa wamepandisha mwanga wa kioo hadi mwisho.

Namba moja ikishapatikana, ninaitumia kwa tukio zima. Ninasawazisha fremu zote kwanza, mwanga kwa mwanga, weupe kwa weupe, kisha mwonekano unawekwa juu ya zote kwa pamoja. Kwenye Resolve unaweza kubadili kisanduku cha nodi kutoka Clip kwenda Timeline na kuweka nodi ya mwonekano huko. Kwenye Premiere unatumia tabaka la marekebisho linalofunika mstari mzima. Ukimpa kila kipande nguvu yake, 0.35 hapa na 0.5 pale, mtazamaji hatajua kilichobadilika ila atahisi picha inarukaruka.

Kwa harusi ile nilirudia kazi yote kwa nodi zilizotenganishwa. Nikah ya mchana ilitulia kwenye 0.40, na kanzu ikawa nyeupe yenye joto kidogo sana. Ukumbini usiku mambo yalikuwa mengine. Taa za zambarau zilikuwa zimeshapaka kila mtu rangi, na jedwali likaongeza kijani-buluu juu yake, mashavu yakawa ya samaki. Huko nilishusha hadi 0.20, na mpito kutoka nikah hadi ukumbini nikauficha chini ya fremu ya gari likiondoka wakati wa magharibi. Mama mtu aliitazama yote kwenye simu, akarudisha nyuma mara mbili pale mwanawe anapoingia, kisha akauliza kama ninaweza kumtolea picha moja ya kutundika ukutani.